Kashata za Shangazi: Kutoka Aya Moja Hadi Jedwali la Mahitaji na Hatua Kumi

Shangazi yangu anaishi Kongwa, na mapishi yake yote yamo katika kaunta buku moja lenye jalada jeusi ambalo kurasa zake za katikati zimeshikana kwa mafuta. Kila pishi ni aya moja isiyo na pumziko, na ndani ya aya hiyo vitu vya kununua, vipimo, kazi za kufanya na maonyo vimechanganyika kama anavyovisema mtu aliyesimama mbele ya jiko. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiyahamisha mapishi hayo, moja baada ya jingine, kwenye mfumo wa jedwali la mahitaji na hatua zenye namba, ili wajukuu wake walioko Dodoma mjini, Dar es Salaam na Mwanza waweze kuyapika bila kumpigia simu kila baada ya dakika tano. Katika makala hii nitaeleza pishi moja tu, la kashata za karanga. Lina mahitaji machache na linamalizika ndani ya saa moja na nusu, lakini limenifundisha mengi kuhusu kazi hii kuliko pilau yake yenye viungo kumi na vitano.

Aya yenyewe, kama ilivyo katika kaunta buku, ni hii:

> Chukua karanga vikombe vitatu uzikaange kwa moto wa kiasi mpaka zinukie, ukishazimenya uzitwange nusu yake zisiwe unga sana. Sukari kikombe kimoja na nusu na maji nusu glasi uchemshe mpaka shira ivute, halafu tia karanga pamoja na iliki za mia tano ulizozisaga na chumvi, koroga upesi upesi, umimine kwenye sinia ulilolipaka mafuta, uisawazishe, ukate kabla haijapoa. Moto uwe wa mkaa na usiwe mkali. Sukari utie na ndimu kidogo ili isirudi kuwa chengachenga.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilihesabu mahitaji matano: karanga, sukari, maji, iliki na chumvi. Nikaenda Soko la Majengo, hapa Dodoma ninakoishi, nikanunua hayo matano, nikarudi nyumbani na kuanza kupika huku nimeiweka simu yenye picha ya ukurasa huo juu ya meza. Nilikwama mahali pawili. Ndimu niliikuta katika sentensi ya mwisho wakati sukari imekwisha kuchemka, na mafuta ya kupaka sinia niliyakuta wakati karanga na shira zimekwisha kuchanganyika ndani ya sufuria. Muda niliotumia kulitafuta sinia, kulifuta na kulipaka mafuta haukufika dakika mbili, lakini ulitosha kabisa kwa mchanganyiko ule kuganda. Nilipata bonge moja lenye umbo la sufuria, na ilinibidi nilirudishie maji ya moto ili sufuria iweze kuoshwa.

Baada ya siku hiyo niliacha kuisoma aya kutoka juu kwenda chini nikiandika ninachokiona. Sasa nasoma mara mbili, na mara zote mbili naangalia vitenzi kabla sijaangalia vitu.

Hatua zilizojificha ndani ya virejeshi

Kiswahili kinampa mwandishi uwezo wa kuibana kazi nzima ndani ya neno moja. Mtu anapoandika "umimine kwenye sinia ulilolipaka mafuta", kitenzi kinachoamrisha ni kumimina, lakini ndani ya kirejeshi, yaani neno "ulilolipaka", kuna kazi nyingine, kupaka mafuta, ambayo inatakiwa iwe imekwisha kufanyika. Shangazi hakukosea kwa namna yoyote. Kwa msikilizaji aliyesimama kando yake, sinia lililopakwa mafuta lipo pale juu ya mkeka na haja ya kulitaja ni ndogo. Anayesoma peke yake ndiye anayeipata habari hiyo ikiwa imechelewa.

Kwa hiyo usomaji wangu wa kwanza ni wa kuvipigia mstari vitenzi vyote na kuvigawa kwa umbo. Vitenzi vya amri, kama "chukua", "uzikaange", "koroga" na "umimine", vinabaki katika mfuatano wake. Vitenzi vyenye kirejeshi cha wakati uliopita, kama "ulizozisaga" na "ulilolipaka", navitoa mahali vilipo na kuvipeleka juu, kila kimoja kikawa hatua kamili inayojitegemea. Vitenzi vyenye "-kisha-", kama "ukishazimenya", navyo ni hatua zilizotajwa kana kwamba zimekwisha kuamriwa, wakati hakuna mahali palipoziamrisha. Katika aya hii kazi ya kumenya karanga, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, haina amri yake popote. Mwisho nayatafuta maneno "mpaka" na "kabla". Linalofuata "mpaka" ni ishara ya kumaliza hatua, na linalofuata "kabla" ni ukomo wa muda. Vyote viwili lazima vibaki katika hatua husika, kwa sababu mpishi akivikosa hana njia ya kujua kama amefika.

Usomaji wa pili ni wa vitu. Kila nomino inayoliwa naiandika, hata ikiwa imetajwa kama maelezo ya chombo. Mafuta yaliingia katika orodha kwa njia hiyo, ndimu ikafuata, na mahitaji yakafika saba.

Kuna jambo moja ambalo usomaji wa aina yoyote hauwezi kulitoa, kwa sababu halikuandikwa kabisa. Shangazi huzimwaga karanga kwenye ungo na kuzichambua kabla hazijagusa moto, akitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye dalili ya kuvu. Kwake hilo ni sawa na kunawa mikono, halihitaji wino. Mimi nimelifanya kuwa hatua ya kwanza yenye namba. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipata madhara ya sumukuvu iliyotokana na nafaka, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa kwa urahisi na kuvu huyo huyo. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote, kwa hiyo kuchambua hakuwezi kuachwa kwa kutegemea moto. Kuchambua kunabadilisha pia kipimo, na hapo ndipo inapoanza sehemu iliyonigharimu safari ya Kongwa.

Kikombe kipi, na kimejazwa vipi

Nilikwenda na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Niliiweka juu ya kigoda uani, nikamwomba shangazi apike kama siku zote, ila kila kitu kipite kwanza kwenye mizani kabla hakijaingia sufuriani.

Kikombe chake ni cha bati, kile cha kunywea uji. Nilikiweka juu ya mizani kikiwa kitupu, nikaifanya mizani isome sifuri, nikakijaza maji mpaka ukingoni. Mizani ilisoma gramu 350, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja, nilijua kwamba kikombe hicho kinabeba mililita 350, ilhali kikombe cha kupimia kinachouzwa madukani kina mililita 250 au pungufu kidogo. Glasi yake ilikuwa mililita 240. Njia hii ya maji na mizani naipenda kwa sababu inakifaa chombo chochote, kuanzia kijiko mpaka kopo la kupimia karanga sokoni, na humalizika ndani ya dakika moja.

Hapo nilijiuliza swali ambalo kila anayebadilisha mapishi anapaswa kujiuliza: je, ukubwa wa kikombe una madhara? Kama pishi zima lingepimwa kwa kikombe kimoja, jibu lingekuwa hapana, kwa sababu uwiano wa karanga na sukari hubaki ule ule, kikombe kiwe kikubwa au kidogo. Kinachobadilika ni idadi ya kashata. Shida huja pale vyombo viwili visivyohusiana vinapokutana katika pishi moja. Shangazi anapima karanga na sukari kwa kikombe na maji kwa glasi. Mtu mwenye kikombe cha mililita 250 na glasi kama ya shangazi atatia karanga na sukari pungufu kuliko zake, lakini maji yatabaki yale yale, na shira yake itachukua muda mrefu zaidi kufika inapotakiwa. Ataona dakika zimepita, atadhani amekosea, na ataipua mapema.

Jambo la pili nililiona kwa macho tu, nisingelijua kwa kusoma. Sukari aliipima mfuto, akisawazisha juu kwa kiganja, lakini karanga alizipima tele, zikiwa na kilima juu ya ukingo. Kikombe cha sukari kilikuwa na gramu 300. Kikombe cha karanga kilikuwa na gramu 250, wakati kile kile kikiwa mfuto kilibeba gramu 215 tu. Katika vikombe vitatu tofauti hiyo ni zaidi ya gramu 100 za karanga, kiasi kinachotosha kuzifanya kashata ziwe na sukari nyingi kuliko zake. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika "tele", alinijibu kwamba karanga hupimwa hivyo, hata sokoni.

Jambo la tatu ni mahali neno la maelezo linapokaa. "Karanga vikombe vitatu, zikaangwe na kumenywa" na "vikombe vitatu vya karanga zilizokaangwa na kumenywa" si kipimo kimoja. Karanga mbichi zilizochambuliwa, gramu 750, tulizikaanga, tukazimenya na kupepeta maganda, kisha tukazirudisha kwenye mizani zikasoma gramu 690. Unyevu na maganda vilikuwa vimechukua gramu 60. Katika jedwali naandika kipimo kulingana na hali ya kitu wakati kinapopimwa, na kazi inayofuata naiweka kwenye safu yake, ili macho yasiweze kuvichanganya viwili hivyo. Kwa karanga nimeongeza pia uzito wa mwisho, kwa ajili ya mtu anayenunua karanga zilizokwisha kukaangwa.

Iliki za mia tano zilinisumbua kwa njia tofauti. Bei si kipimo. Iliki za mia tano za mwaka alioandika si za mia tano za leo, na za dukani Kongwa si za dukani Dar es Salaam. Hapakuwa na njia ya kukokotoa. Nilimwomba tu atie anachokiona kinatosha, nikahesabu maganda: yalikuwa kumi. Chumvi nilipima kwa kuliweka kopo la chumvi juu ya mizani kabla na baada ya kuchota, na tofauti ilikuwa gramu 3, lakini katika jedwali nimeandika nusu kijiko cha chai, mfuto. Mizani inayosoma gramu moja moja haiaminiki kwa vitu vyepesi kiasi hicho. Ikikosea kwa gramu moja tu, imekosea theluthi nzima. Kanuni niliyoishikilia katika mapishi yote ya kaunta buku ni gramu kwa vitu vikavu, mililita kwa vimiminika, na vijiko vya mfuto kwa kitu kikavu kisichofika gramu 5 au kimiminika kisichozidi mililita 15, kijiko cha chai kikiwa mililita 5 na cha chakula mililita 15. Vikombe na glasi nimeviondoa kabisa.

"Mpaka shira ivute"

Vipimo vilipokamilika nilidhani kazi imekwisha. Nilirudi Dodoma, nikapika tena kwa gramu zile zile, sinia likiwa limepakwa mafuta mapema na ndimu ikiwa imetiwa tangu mwanzo. Kashata hazikushikana. Zilikuwa laini, zinanata kwenye vidole, na kesho yake nyingine zilikuwa zimemong'onyoka. Gramu zilikuwa sahihi, hatua zilikuwa katika mpangilio wake, na bado zilikataa.

Kosa lilikuwa katika neno "ivute". Shira huanza kuvuta uzi mapema sana, ikiwa bado na maji mengi ndani yake. Ukiichota kwa kijiko na kukigusisha na kijiko kingine, kisha ukavitenganisha, utauona uzi mwembamba. Hapo ndipo nilipoipua, kwa sababu aya ilisema ivute nayo ilikuwa inavuta. Shangazi alimaanisha hatua iliyo mbele zaidi. Alinieleza kwamba yeye hudondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi na kulitoa: likiwa bado linabonyea kama ubani wa kutafuna, anaendelea, likipinda kidogo na kisha kukatika, anaipua. "Mwanangu, uzi wa kwanza ni wa kaimati," alisema, na kweli shira ya kaimati huachwa pale pale nilipoishia mimi.

Hivyo neno moja lilikuwa limebeba ishara mbili, na jedwali, hata liwe safi kiasi gani, lisingeweza kuonyesha kwamba nimechukua isiyo yake. Tangu hapo kila ninapokutana na "mpaka" simwulizi mwenye pishi maana ya neno. Namwuliza anafanya nini kwa mikono ili ajue. Jibu la swali la pili ndilo linaloingia katika hatua.

Binamu yangu wa Dar es Salaam, ambaye ana kipimajoto cha jikoni, aliniomba nimwandikie nyuzi joto badala ya habari ya tone na bakuli. Nilipima hapa nyumbani nikapata kiasi cha 131 za sentigredi pale tone lilipopinda na kukatika. Nisingeweza kumpa namba hiyo ilivyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi joto 96, si 100 kama huko pwani. Joto la shira nalo hushuka kwa kiwango hicho hicho, kwa sababu hali ya shira hutegemea maji yaliyobaki ndani yake, na joto la kuchemka ni dalili tu ya maji hayo. Angeipua kwa 131, shira yake ingekuwa na maji mengi kuliko yangu na kashata zake zingelegea. Nimeandika tofauti badala ya namba kamili: nyuzi 35 juu ya joto ambalo maji yanachemkia mahali ulipo. Kwangu ni 131, kwake 135, na kila mmoja anaweza kuhakiki kipimajoto chake kwa kukitumbukiza kwanza kwenye maji yanayotokota. Hata hivyo ishara ya tone nimeiacha iwe ya kwanza, kwa kuwa wengi wa ndugu zangu hawana kipimajoto na bakuli la maji lipo kila nyumba.

Jedwali na hatua

Jedwali limepangwa kwa mfuatano wa kutumika. Safu ya mwisho inaonyesha hatua ambayo kitu kinaingia, na katika kuijaza ndipo nilipogundua kwamba mafuta hutumika mara mbili, kwenye sinia na kwenye kisu.

| Mahitaji | Kiasi | Kazi ya awali | Hatua |
|---|---|---|---|
| Karanga mbichi, zilizochambuliwa | gramu 750 | zikaangwe, zimenywe (zitabaki gramu 690 hivi) | 2, 3, 4, 8 |
| Iliki | maganda 10 | zimenywe, mbegu zisagwe | 5, 8 |
| Mafuta ya alizeti | kijiko 1 cha chakula | – | 6, 10 |
| Sukari | gramu 450 | – | 7 |
| Maji | mililita 120 | – | 7 |
| Maji ya ndimu | kijiko 1 cha chai | – | 7 |
| Chumvi | nusu kijiko cha chai | – | 8 |

1. Chambua karanga kwenye ungo. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye kuvu, kisha pima gramu 750.
2. Kaanga karanga kwa moto wa wastani huku ukizigeuza, dakika 12 hadi 15, mpaka zinukie na ganda litoke ukisugua punje moja kwa vidole.
3. Zisugue ndani ya kitambaa safi zikiwa bado na joto, kisha pepeta maganda.
4. Twanga nusu ya karanga (gramu 345) ziwe vipande vidogo, zisifike kuwa unga. Zichanganye na zilizobaki na uziweke karibu na jiko zisipoe.
5. Menya iliki na usage mbegu zake.
6. Paka sinia la sentimita 35 nusu ya mafuta, uliweke juu ya kitambaa kilichokunjwa. Weka karibu mwiko, kisu na bakuli la maji baridi.
7. Tia sukari, maji na maji ya ndimu kwenye sufuria. Koroga kwa moto wa wastani mpaka sukari iyeyuke yote, kisha acha kukoroga. Chemsha mpaka tone lililodondoshwa kwenye maji baridi lipinde kidogo na kukatika.
8. Ipua. Tia mara moja karanga, iliki na chumvi, ukoroge upesi mpaka kila karanga ipate shira.
9. Mimina kwenye sinia na usawazishe kwa mgongo wa mwiko uwe unene wa sentimita 1 hivi.
10. Paka kisu mafuta yaliyobaki. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 4 ndani ya dakika 5, mchanganyiko ukiwa bado una joto.

Kuhusu mahali pa kukata aya kuwa hatua, ninafuata mambo mawili: hatua mpya huanza chombo kinapobadilika, au mpishi anapolazimika kusubiri ishara. Hatua ya 7 ina kazi tatu lakini zote zimo katika sufuria moja na zinaishia kwenye ishara moja, kwa hiyo sikuigawa. Nilijaribu kuigawa mwanzoni, na aliyeipika aliipunguzia moto sufuria ili asome namba iliyofuata. Amri ya kuacha kukoroga haimo katika aya ya shangazi. Niliiongeza baada ya kumtazama, kwa kuwa mwiko unaozungushwa katika shira iliyokolea huirudisha sukari kuwa chengachenga, na ndimu peke yake haitoshi kuizuia.

Hatua ya 4 ina maneno manne ambayo hayakuwemo katika toleo la kwanza: "karibu na jiko zisipoe". Nilimpa toleo hilo jirani yangu hapa mtaa wa Kisasa, Dodoma, naye, kwa kuwa jedwali lilimwonyesha waziwazi kazi za awali, akazikaanga na kuzimenya karanga jioni ili asubuhi abaki na kazi ya shira tu. Kila mtu mwenye akili angefanya hivyo. Karanga baridi, nusu kilo na zaidi, ziliiingia shira na kuipoza kwa ghafla; iliganda kabla hajazungusha mwiko mara tano, nusu ya karanga zikiwa bado kavu. Ndani ya aya hatari hiyo haikuwepo, kwa sababu aya inakwenda mfululizo: unakaanga, unamenya, unatwanga, na karanga zinaingia katika shira zikiwa na joto lake. Nilipoitenganisha kazi ya awali na upishi, niliukata mfululizo huo bila kujua kwamba ulikuwa na kazi. Sasa kila ninapohamisha kazi kwenda kwenye safu ya awali najiuliza kama kitu hicho kinaweza kulala usiku mzima na kesho kikabaki kilivyo, na kama hakiwezi, hali inayotakiwa naiandika kwa maneno.

Jambo kama hilo hutokea pia mtu anapotaka kuongeza kiasi. Gramu za jedwali huzidishwa bila shida. Anayetaka kupika mara mbili atapima karanga gramu 1,500 na sukari gramu 900. Dakika hazizidishwi hivyo. Karanga nyingi katika sufuria ile ile hukaangika bila usawa, shira nyingi huchelewa kufika kwenye ishara yake, na dakika 5 za kukata hazitoshi kwa masinia mawili kwa mtu mmoja. Chini ya hatua nimeandika kwamba kiasi kikubwa kipikwe kwa awamu, kila awamu isizidi jedwali hili.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kongwa na kumsomea shangazi toleo lililokamilika, jedwali kwanza, kisha hatua moja moja, yeye akiwa anachambua mtama. Alinyamaza mpaka hatua ya 9, akainua mkono. Alitaka kujua kwa nini sikuandika kwamba sinia lisiwekwe juu ya sakafu ya saruji. Kwake sinia hukaa juu ya mkeka au kitambaa kilichokunjwa, kwa kuwa saruji hunyonya joto kutoka chini na kashata hukatika ovyo pembeni wakati katikati bado ni laini. Nilifungua simu na kuongeza katika hatua ya 6 maneno "uliweke juu ya kitambaa kilichokunjwa". Akaniambia niendelee kusoma.